Kalamu Inaandika, Kitufe Kimenyamaza

Mwalimu mmoja wa hisabati alirudishiwa kishikwambi chake cha Surface na fundi, kikiwa kimefutwa na kuwekewa Windows upya. Kalamu ikaandika vizuri tangu mstari wa kwanza. Lakini alipobofya mara mbili kile kitufe cha kichwani mwa kalamu, alichozoea kukatia vipande vya skrini ili awatumie wanafunzi, hapakutokea kitu. Akabofya tena, safari hii kwa nguvu. Kimya.

Kilichomchanganya ni kwamba kalamu ileile ilikuwa ikichora grafu bila shida yoyote. Ingekuwa imekufa yote angeelewa. Kumbe ncha na kitufe havipiti njia moja. Ncha huhisiwa na kioo chenyewe inapokikaribia, bila kuhitaji kutambulishwa kwanza. Kitufe cha juu hupitia Bluetooth, na mbele ya kompyuta huhesabika kama kibodi ndogo mno: kikibofywa mara moja hutuma `Win+F20`, mara mbili `Win+F19`, na kikishikiliwa `Win+F18`. Kibodi nyingi za mezani huishia F12, kwa hiyo si rahisi mtu agongane na amri hizo kwa bahati mbaya.

Windows ikiipokea amri, huangalia mwenye kifaa aliagiza nini. Katika Windows 11 maagizo hayo yamo ndani ya `Settings`, kwenye `Bluetooth & devices`, kisha `Pen & Windows Ink`. Hapo kila aina ya mbofyo hupangiwa kazi yake, na mojawapo ya kazi hizo ni kukata kipande cha skrini. Ikiitwa, kioo hufifia, upau mdogo hujitokeza juu, na mtu huburuta kalamu kuzunguka sehemu anayoitaka. Picha hunakiliwa papo hapo, tayari kubandikwa kwenye ujumbe.

Sasa, kitufe kikinyamaza, wengi hukimbilia kulaumu kalamu. Ni mapema mno. Jaribio la kwanza halihitaji kalamu kabisa: bonyeza `Win+Shift+S` kwenye kibodi. Kioo kikififia, programu ya kukata ni nzima na tatizo liko upande wa kalamu au maagizo yake. Kisipofifia, iache kalamu ipumzike; mgonjwa ni programu yenyewe, `Snipping Tool`, ambayo inaweza kukarabatiwa au kuanzishwa upya kupitia orodha ya programu ndani ya `Settings`.

Hilo la programu kugoma si la kufikirika. Mwishoni mwa Oktoba 2021 cheti cha kidijitali kilichotumiwa na baadhi ya sehemu za Windows 11 kiliisha muda wake, na `Snipping Tool` ikawa miongoni mwa zilizokwama. Microsoft ilitoa masasisho ya kurekebisha, na kwa muda ikashauri watu wabonyeze `Print Screen` na kubandika picha kwenye `Paint`. Siku zile hata kalamu mpya isingesaidia.

Kwa mwalimu wetu, kioo kilififia mara moja. Kosa lilikuwa kwenye kuoanisha: Windows iliyofutwa iliondoka na kumbukumbu ya kalamu. Akafungua ukurasa wa Bluetooth, akachagua kuongeza kifaa, kisha akashikilia kitufe cha juu kwa sekunde 5 hadi 7, mpaka taa ndogo ya kalamu ikaanza kumetameta. Jina la kalamu likatokea kwenye orodha, akaligusa.

Kama taa ingekataa kuwaka, angeangalia betri. Kalamu nyingi za Surface za miaka ya nyuma hutumia betri moja ya AAAA, nyembamba kuliko AAA inayouzwa kila duka, na hizo mbili hazibadilishani. Ile iliyokuja na Surface Pro 3 ina mtego zaidi: betri ya AAAA ni ya ncha, na kitufe kina vijibetri vyake viwili vya duara. Hivyo vikiisha, kalamu huendelea kuandika kama kawaida huku kichwa kikiwa kimezimika. Na zipo kalamu za bei nafuu zisizo na Bluetooth kabisa. Hizo huandika tu, na hakuna mpangilio utakaozipa kitufe zisichokuwa nacho.

Baada ya kuoanisha, mwalimu alirudi `Pen & Windows Ink`, akaipa mibofyo miwili kazi ya kukata skrini, akajaribu. Kioo kikafifia.

Kesho yake darasani, akiwa anaonyesha slaidi za PowerPoint, alibofya mara mbili ili akate mchoro wa pembetatu. Badala yake slaidi ikarudi nyuma. Kitufe kilikuwa kizima: PowerPoint ikiwa inaonyesha slaidi hukichukua kitufe kiwe rimoti yake, mbofyo mmoja kwenda mbele, miwili kurudi. Ruhusa hiyo ya programu kuliteka agizo la mwenye kalamu imo kwenye ukurasa uleule wa mipangilio. Mwalimu aliifikiria kidogo, akaiacha kama ilivyo, na tangu hapo hufunga slaidi kwanza ndipo akate.