Ganzi Inayotoka Kwenye Kopo la Vitamini

Vitamini B6 ina tabia ya pekee: ikipungua mwilini neva huumia, na ikizidi kwa muda mrefu neva huumia vilevile. Dalili za pande zote mbili hufanana, yaani ganzi, michomo kama ya sindano na joto kali kwenye nyayo. Kwa sababu hiyo mtu anayeizidisha anaweza kudhani ameipungukiwa, akaongeza vidonge, na kwa kufanya hivyo akajidhuru zaidi.

Mahitaji ya mwili ni madogo sana. Mtu mzima wa chini ya miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1.3 kwa siku. Baada ya umri huo, mwanamke anahitaji miligramu 1.5 na mwanamume 1.7. Samaki, kuku, maini, viazi, ndizi na dengu hutosha kabisa kumpatia mtu kiasi hicho, na chakula cha kawaida hakijulikani kumdhuru mtu kwa B6. Madhara huanzia kwenye vidonge, na mara nyingi hakuna kidonge kimoja kinachoonekana kuwa na kosa.

Tuseme kuna mwanamke wa miaka 52 anayeuza duka na kushinda amesimama. Asubuhi humeza kidonge cha vitamini mchanganyiko chenye miligramu 10 za B6. Kwa ajili ya uchovu ameongeza vidonge vya vitamini B za aina zote, vyenye miligramu 50. Usiku hunywa magnesi ili misuli ya miguu isikaze, na ndani yake mtengenezaji ametia miligramu 25 nyingine. Makopo ni matatu, kila moja limenunuliwa kwa shida yake, na hakuna hata moja analoliita B6. Jumla ni miligramu 85 kwa siku, zaidi ya mara 55 ya mahitaji yake. Baada ya miezi kadhaa vidole vya miguu vinaanza kufa ganzi. Anaeleza shida yake kwenye duka la dawa na kuuziwa vidonge vya neva, vile vyenye B1, B6 na B12 kwa pamoja. Vingi kati ya hivyo vina miligramu 100 au 200 za B6 katika kidonge kimoja. Kikiwa cha 200, jumla yake sasa ni miligramu 285, mara 190 ya mahitaji.

Lebo zenyewe hazisaidii sana. B6 mara nyingi huandikwa kwa jina lake la kikemia, ambalo kwa maandishi ya lebo huanza na herufi p, y, r, i, d. Asilimia iliyo pembeni ndiyo rahisi zaidi kuonekana: panapoandikwa miligramu 50, hesabu ya Kimarekani huonyesha asilimia 2,941 ya mahitaji ya siku. Wengi huiona namba hiyo kama sifa ya nguvu ya dawa, ilhali ingepaswa kuwashtua. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo huwa na B6, na karibu hakuna anayevihesabu.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba vitamini inayoyeyuka majini haiwezi kudhuru, kwani ziada hutoka na mkojo. Imani hiyo ilivunjwa mwaka 1983, madaktari wa Marekani walipoeleza habari za wagonjwa saba waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kila siku, wakafikia kuyumba na kupoteza hisia za miguu na mikono. Dozi zile zilikuwa kubwa mno, lakini baadaye madhara yalionekana pia kwa watu waliotumia kiasi kidogo kuliko hicho. Marekani iliweka kikomo cha miligramu 100 kwa siku mwaka 1998. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliteremsha chake kutoka 25 hadi 12. Australia hutaka onyo kwenye lebo dozi ya siku inapozidi miligramu 10, kwa kuwa wapo walioumia wakitumia chini ya 50. Vikomo vinatofautiana kwa sababu watu hawafanani: mmoja hutumia miligramu 100 kwa miaka bila kuhisi chochote, mwingine hupata ganzi kwa sehemu ndogo ya hiyo.

Kinachoumia hasa ni neva za hisia. Vyumba vya seli zake vimekaa katika vifundo vidogo kando ya uti wa mgongo, mahali ambapo kinga kati ya damu na neva ni dhaifu, kwa hiyo vitu vinavyozidi katika damu huzifikia kwa urahisi. Seli zinazoamrisha misuli zimo ndani ya ugwe mgongo, kwenye kinga imara zaidi. Ndiyo maana mgonjwa huwa na nguvu za kutosha miguuni lakini hajui miguu yake iko wapi. Kandambili humvuka njiani bila yeye kuhisi. Akiwa amesimama bombani ananawa uso, akifumba macho huyumba, kwa sababu macho ndiyo yaliyokuwa yakimshikilia wima badala ya nyayo. Ganzi kwa kawaida huanza miguuni pande zote mbili kwa pamoja, kisha hupanda, na mikono hufuata. Kufunga vifungo vya shati huwa kazi ngumu.

Si kila ganzi ni ya B6. Kisukari, upungufu wa B12, pombe na virusi vya Ukimwi huleta hali inayofanana na hii, na kisukari ni cha kupimwa mapema. Kinachomsaidia daktari zaidi ni kuletewa makopo yote, siyo kutajiwa majina kwa kukumbuka. Kipimo cha damu huonyesha kiwango cha B6, na kipimo cha umeme wa neva huonyesha neva za hisia zimefifia wakati za misuli ziko sawa.

Dawa ya kuondoa madhara haya haipo, isipokuwa kuacha B6 ya ziada. Anayetumia isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu ni habari nyingine. Dawa hiyo hupunguza B6 mwilini, na ile dozi ndogo anayopewa kliniki, mara nyingi miligramu 25, ni kinga ya neva zake. Asiiache bila kuzungumza na anayemtibu. Anachopaswa kumweleza ni vidonge vingine alivyojinunulia.

Baada ya kuacha, hali inaweza kuzidi kuwa mbaya kwa wiki mbili hadi sita kabla ya kutulia. Kipindi hiki huwarudisha wengi kwenye kopo, wakidhani mwili unadai vitamini yake. Anayeelezwa mapema huvumilia. Nafuu huja polepole, kwa miezi, na kwa waliotumia dozi kubwa huweza kupita mwaka. Walioacha mapema wengi hupona kabisa au karibu kabisa, lakini seli za vifundo zikishakufa hazioti tena, na wagonjwa wa aina hiyo hubaki na sehemu ya ganzi au kuyumba.