Moja na Nusu, Saa 2 Usiku

Kwenye chupa ya dawa kuna kibandiko, na kwenye kibandiko kuna maandishi machache ya kalamu: 1.5 ml, 1×1. Mfamasia huyaelewa kwa kutupa jicho tu. Mama wa miaka 19 aliyepewa ruhusa asubuhi hii jijini Arusha, mtoto kafunikwa blanketi na safari ya daladala hadi Tengeru iko mbele yake, anaweza kuyasoma 15. Nukta ni ndogo, na wino hufifia.

Hapo ndipo barua ya muuguzi wa watoto inapofanya kazi ambayo kibandiko hakiwezi. Tuchukue mfano wa mama huyo: anaishi na VVU, anatumia dawa zake vizuri, na mtoto kazaliwa na kilo 2.7. Mtoto anapewa nevirapini ya maji, mara moja kwa siku kwa wiki 6, ili kumkinga na maambukizi. Barua inaanza, “Mwanangu, hii ni dawa ya mtoto ya kila siku.” Jina la ugonjwa halimo. Muuguzi anajua kwamba karatasi iliyokunjwa kwenye mkoba inaweza kufunguliwa na wifi au mama mkwe, na kwamba mama mwenyewe ndiye mwenye haki ya kuchagua nani ajue.

Kisha kinafuata kipimo, kwa maneno: moja na nusu. Kijiko hakitumiki, kwani kijiko cha chai cha kawaida hubeba takriban mililita 5, na cha nyumbani hakina uhakika hata huo. Muuguzi anachukua bomba la sindano lisilo na sindano, anazungushia plasta kwenye alama ya 1.5, na kumwambia mama avute dawa mbele yake kabla hajaondoka. Chupa hutikiswa kwanza, maana dawa hutuama chini. Mtoto ainuliwe kidogo, dawa imiminwe taratibu ndani ya shavu, isirushwe kooni akapaliwa.

Saa nayo ina mtego wake, na huu ni wetu sisi wasema Kiswahili. Mama ameambiwa saa 2 usiku, akatega kengele ya simu kwenye 2:00. Simu inalia saa 8 usiku, nyumba nzima inaamka. Kwa hiyo barua inasema: saa 2 usiku, wakati wa taarifa ya habari, kwenye simu andika 20:00.

Je, akisahau? Akikumbuka kabla ya saa 2 asubuhi, ampe palepale. Saa hiyo ikishapita, asubiri usiku na atoe moja na nusu ileile, bila kuongeza ya fidia. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa baada ya kunywa, dozi irudiwe. Kucheua maziwa kidogo si kutapika, na tofauti hiyo inafaa kuandikwa, maana mama mgeni huhesabu kila tone linaloshuka kidevuni.

Chupa yenyewe ni shahidi. Ikiwa na mililita 100, siku ya 20 zitakuwa zimetumika 30 na kubaki kama 70. Anayetoa 15 badala ya 1.5 ataimaliza kabla wiki haijaisha, na chupa inayoisha mapema hivyo ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo. Upele unaosambaa, macho kuwa ya njano, homa, kupumua haraka au kukataa kunyonya havingoji tarehe ya kliniki.

Barua hii haiazimwi. Mtoto wa jirani aliyezaliwa na kilo 2.3 hupewa mililita 1, na yule ambaye mama yake aligundulika karibu na kujifungua huweza kuongezewa zidovudini na kutumia dawa kwa muda mrefu zaidi. Nimeona watu wakifananisha chupa kama wanavyofananisha kadi za kliniki. Chupa zinaweza kufanana kabisa, vipimo visifanane.

Mstari wa mwisho wa barua ni tarehe ya wiki ya 6, siku ambayo mtoto hupata pia chanjo zake. Matone ya damu yatachukuliwa kisiginoni kwa ajili ya kipimo, na mtoto ataanzishiwa kotrimoksazoli, ile ambayo wengi huiita septrini. Mama asiikatishe nevirapini kwa uamuzi wake kabla ya siku hiyo. Na aje na chupa: dozi 42 zikinywewa zote, mililita 63 zitakuwa zimetumika, na muuguzi ataiinua dirishani kuona kama imebaki zaidi kidogo ya theluthi moja.