Mahali pa Kuweka Neno: Hesabu ya Mchezo wa Scrabble kwa Maneno ya Kiswahili

Mwanafunzi wa Wasso, huko Loliondo wilayani Ngorongoro, hawezi kupata alama kwa kuandika jina la mji wake katika mchezo wa Scrabble, kwa kuwa kanuni zinakataza majina ya pekee. Lakini akizihesabu herufi zake kwa thamani zilizochapwa katika seti ya Kiingereza, ataona kwamba W ina alama 4, na A, S, S na O zina alama moja moja. Jumla ni 8. Wachezaji wengi wanaoanza huishia hapo: hujumlisha herufi, wakaamini kwamba hiyo ndiyo thamani ya neno. Sivyo. Neno lile lile, kwa herufi zile zile, laweza kuleta alama 17 mahali pamoja na alama 39 hatua nne kutoka hapo. Makala haya yataeleza tofauti hiyo hutoka wapi.

Ubao wa mchezo una mistari 15 ya miraba 15, yaani miraba 225. Kati ya hiyo, miraba 61 ina nyongeza. Miraba 24 huzidisha herufi kwa 2, na 12 huzidisha herufi kwa 3. Miraba 17, ukiwamo ule wa katikati kabisa, huzidisha neno zima kwa 2, na 8 iliyo pembezoni hulizidisha kwa 3. Nyongeza ya herufi huhesabiwa kwanza, ndipo ile ya neno. Tena kila mraba hutoa nyongeza yake mara moja tu, katika zamu ile unapofunikwa.

Sasa tuchukue mfano. Mchezaji wa kwanza ameandika SOMA kutoka kushoto kwenda kulia, S ikiwa katika mraba wa katikati. Herufi zina alama 1, 1, 3 na 1, jumla 6. Neno likizidishwa kwa 2, amepata 12. Mpinzani wake ana vibao K, U, A, Z, I, N na E. Afanye nini?

Njia ya kwanza ni kulirefusha neno lililopo. Akiweka K na U mbele ya SOMA, atapata KUSOMA. Mraba wa katikati umekwisha kutumika, basi hesabu ni 5 + 1 + 6, yaani 12. Njia ya pili ni kulikata neno. Aandike KAZI kutoka juu kwenda chini akiitumia ile A ya mwisho wa SOMA. K ina alama 5 na Z ina 10; miraba anayoifunika haina nyongeza, hivyo jumla ni 17.

Njia ya tatu ni ya kulabu. Kulabu ni herufi moja inayotiwa mwanzoni au mwishoni mwa neno lililopo likazaliwa neno jingine. Mchezaji aiweke A mara kushoto ya S, ili SOMA iwe ASOMA. Lakini A hiyo hiyo iwe ni herufi ya pili ya KAZI, inayoandikwa kutoka juu kwenda chini. K itakuwa juu ya A, na Z chini yake. Kwa bahati njema, miraba hiyo miwili huzidisha herufi kwa 2. K inakuwa 10, Z inakuwa 20. Ukiongeza A na I, KAZI ina alama 32. Neno ASOMA nalo huhesabiwa, kwa kuwa limeundwa katika zamu hiyo: alama 7. Jumla ni 39. Kati ya alama 22 zilizoongezeka juu ya njia ya pili, 15 zimetoka katika miraba na 7 katika kulabu.

Hapa ndipo makosa mawili hutokea mara kwa mara. La kwanza ni kusahau kulihesabu ASOMA. La pili ni kulipa alama 14, eti kwa sababu S iko katika mraba wa katikati. Mraba huo ulikwisha kutoa nyongeza yake kwa mchezaji wa kwanza.

Kuna njia nyingine ya kuhesabu kibao kimoja mara mbili, nayo ni kuweka neno sambamba na jingine. Turudi kwenye SOMA likiwa peke yake ubaoni. Mchezaji aandike PIA katika mstari ulio chini yake, I ikiwa chini ya S na A chini ya O. Kutoka juu kwenda chini yanasomeka SI na OA. P na A zimeangukia miraba inayozidisha herufi kwa 2. PIA ni 6 + 1 + 2, yaani 9. SI ni 2. OA ni 1 + 2, yaani 3. Jumla ni 14, nayo nyongeza ya A imehesabiwa katika maneno mawili. PIA likiandikwa kwa kuikata A ya mwisho wa SOMA lingeleta alama 5 tu.

Lugha ya Kiswahili huziwekea mbinu hizi mipaka yake. Katika Kiingereza kulabu mashuhuri ni S ya wingi, inayotiwa mwishoni mwa neno. Maneno ya Kiswahili Sanifu huishia kwa irabu, na wingi wake aghalabu hubadilika mwanzoni. Kwa hiyo kulabu zetu nyingi huwa mbele. UA huweza kuwa JUA, PUA, TUA, VUA, FUA, BUA au MUA. Nyuma yake ni vigumu kutia kitu. Na katika uwekaji sambamba, neno fupi la kusimama likikomea katika mstari wa chini, herufi yake ya chini haina budi kuwa irabu. Ndiyo maana PIA ilisimama vema chini ya SO, bali isingeweza kusogezwa hatua moja kulia: P ingekaa chini ya S, na SP si neno.

Kulabu pia humfungulia mpinzani mlango. SOMA haikuwa na herufi moja iliyofaa kutiwa nyuma yake. Ilipogeuka ASOMA, mbele yake pakafaa W, ikawa WASOMA, na nyuma yake pakafaa O, kama tusemavyo "waraka asomao". Mchezaji mwangalifu hutazama alichokifungua kabla ya kuinua mkono.

Lakini je, ASOMA ni neno halali? Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, huorodhesha kitenzi kama soma, wala haiorodheshi kila umbo lake. Wachezaji wakikubaliana kufuata vidahizo tu, ASOMA itapingwa, vibao vyote vitaondolewa, na zile alama 39 zitakuwa sifuri. UA na JUA zitabaki salama. Shauri hilo sharti liamuliwe kabla ya kibao cha kwanza kuwekwa.

Jambo la mwisho ni thamani zenyewe. Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyeubuni mchezo huu katika miaka ya 1930, alizipata kwa kuhesabu herufi katika magazeti ya Kiingereza. Kwa hiyo seti yake ya vibao 100 ina K moja tu, yenye alama 5, wakati sisi hatuwezi kuandika KUKU bila kibao kitupu kusimama badala ya K ya pili. Darasa lenye karatasi ngumu na mkasi laweza kuzihesabu herufi za ukurasa wa gazeti la Kiswahili, likajikatia vibao vyake. Hapo K itashuka bei, na hesabu ya KAZI itabidi ianzwe upya.