Msemo wa Alfajiri na Mazoezi Yasiyofanyika

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inalia. Kocha ametuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: picha ya mwanamume mwenye misuli, jua linachomoza nyuma yake, na juu yake maneno makubwa kwamba mshindi hana visingizio. Haichukui muda, dole gumba na mioyo vinajaa chini ya picha. Jioni ukumbini wanafika walewale ambao wangefika hata kama picha isingetumwa.

Hali hii inawasumbua walimu wengi wa mazoezi wenye wateja wanaofanya kazi za ofisini na biashara. Wanatuma msemo kila siku, wakati mwingine kwa bidii kuliko wanavyoandaa mazoezi yenyewe, na bado wateja wanakosa. Tatizo haliko kwenye uzuri wa maneno. Msemo wa namna hii unaamsha hamu, na mtu mwenye shughuli nyingi anayekosa mazoezi mara nyingi hamu anayo. Ameshalipa ada, ameshanunua raba. Asichokuwa nacho ni saa na mahali ambapo mazoezi yatafanyika kabla shughuli nyingine haijayasukuma pembeni.

Mwaka 2002 watafiti Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran walichapisha utafiti uliofanyika Uingereza kwa wanafunzi 248 wa chuo kikuu. Kundi la kwanza halikuhimizwa lolote kuhusu mazoezi. Kundi la pili lilisoma maelezo ya kuhamasisha, yakieleza jinsi mazoezi yanavyokinga moyo. Kundi la tatu lilisoma maelezo yaleyale, kisha kila mmoja akaandika siku, saa na mahali atakapofanya mazoezi wiki inayofuata. Katika kundi la kwanza asilimia 38 walifanya mazoezi walau mara moja. Waliohamasishwa tu walikuwa asilimia 35. Walioandika siku, saa na mahali walifika asilimia 91. Ni kweli hawa walikuwa wanafunzi, na waliripoti wenyewe walichofanya, kwa hiyo tusitarajie asilimia zilezile kwa mama mwenye duka na watoto watatu. Lakini somo kwa kocha liko wazi: ari iliyopandishwa bila kupewa saa haikuzaa kitu.

Tuone inavyoweza kufanyika. Tuseme kocha ana mteja ambaye ni mhasibu, anafanya kazi Posta jijini Dar es Salaam na anaishi Kimara. Kila Jumapili anaahidi kuanza upya, na ikifika Alhamisi hajafanya lolote. Kabla ya kumtumia msemo mwingine, kocha anamuuliza kila usiku kwa wiki moja swali moja tu: leo mazoezi yamekatikia wapi? Majibu yanajirudia. Anatoka kazini akiwa na nia, anapanda mwendokasi, anafika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, anakaa kwenye kochi apumzike kidogo, na hapo ndipo siku inapoishia. Kumbe adui wake ni kile kiti, na msemo wa saa kumi na moja na nusu alfajiri unamkuta saa kumi na tatu nzima kabla ya kukifikia.

Kwa hiyo ujumbe unahamishwa saa. Sasa unaingia saa kumi na mbili jioni, akiwa bado ndani ya basi: "Dada, ukifika nyumbani usikae kwanza. Vaa raba. Chuchumaa na kusimama mara 15, pushapu za ukutani mara 10, pumzika kidogo, rudia mpaka dakika kumi ziishe. Haba na haba hujaza kibaba. Ukimaliza niandikie 'tayari'." Methali imo, ila imekuja nyuma ya kazi. Tendo limefungwa kwenye jambo ambalo lazima litokee, yaani kufika nyumbani, na ni dogo kiasi kwamba uchovu wa kawaida hauwezi kulikataa.

Wapo makocha watakaosema dakika kumi ni kumdanganya mteja. Hapana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya nguvu ya wastani kwa wiki, na mwaka 2020 liliondoa sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike dakika kumi ndipo kihesabiwe. Mhasibu wetu akifanya dakika zake kumi siku tano, hizo ni 50. Akitembea kwa haraka dakika kumi kwenda kituoni asubuhi na kumi kurudi jioni, siku hizo hizo tano zinampa 100 nyingine. Hesabu imetimia bila kukanyaga ukumbini. Ada ya ukumbi inabaki na faida yake kwa anayetaka vyuma na usimamizi, lakini asiyefika huko naye asiachwe mikono mitupu.

Ujumbe mgumu kuliko wote ni wa siku ya pili baada ya mteja kukosa. Wengi hapa huchapa kiboko: wanaulizia nani mvivu, au wanabandika orodha ya waliofika ili wasiofika waone aibu. Mteja aliyeaibika halaumu ratiba yake, anajitoa tu kwenye kundi kimyakimya. Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London walichapisha utafiti mwaka 2010 kuhusu jinsi mazoea yanavyojengeka, wakaona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea kwa kiasi cha kutajika. Na mwaka 2021 Katy Milkman na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la wanachama zaidi ya 61,000 wa kumbi za mazoezi Marekani, wakilinganisha mbinu 54. Iliyoongoza ilikuwa ya kuwapa zawadi ndogo sana waliorudi baada ya kukosa kipindi.

Hapo ndipo methali ya kuteleza si kuanguka inapopata kazi yake halisi. Kocha anaandika: "Kuteleza si kuanguka. Ya jana tuiache. Leo ukifika nyumbani, fanya nusu tu, kisha nijulishe." Atakaporudi apongezwe kuliko yule ambaye hakukosa kabisa.

Kuna tahadhari. Misemo ya kusukuma mtu apite maumivu isitumwe kwa kundi usilolijua afya yake. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu anapaswa kuacha na kwenda hospitali, na ujumbe useme hivyo waziwazi. Majina ya watu maarufu nayo yahakikiwe kabla ya kubandikwa. Msemo unaopendwa sana kumbi za mazoezi, ule wa ubora na mazoea, hubandikwa jina la Aristotle, ilhali uliandikwa na Mmarekani Will Durant katika kitabu chake cha mwaka 1926.

Na usipime kwa mioyo na madole gumba. Hesabu neno "tayari" kila Jumamosi. Likipungua wiki mbili mfululizo, usitafute msemo mkali zaidi. Rudi kwenye lile swali la usiku, kwa sababu huenda saa yake ya kutoka kazini imebadilika au mtoto anaumwa, na ujumbe wako unamfikia pasipo nafasi.

Kocha, kabla hujatuma picha ya kesho alfajiri, chagua wateja watatu wanaokosa sana uwaulize mazoezi yao yanakatikia wapi. Majibu yao ndiyo ya kuandika.