Laini ya Simu Inaweza Kubeba Biti Ngapi?

Kila njia ya mawasiliano ina kikomo cha data inayoweza kupita kwa sekunde moja. Kikomo hicho hutegemea mambo mawili: upana wa masafa ambayo njia inayapitisha, na kelele zinazojichanganya na ishara humo njiani. Harry Nyquist, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Marekani, alieleza jambo la kwanza katika maandiko yake ya 1924 na 1928 kuhusu telegrafu. Claude Shannon wa maabara za Bell aliyaunganisha yote mawili mwaka 1948.

Nyquist alionyesha kwamba njia yenye upana wa B hezi haiwezi kupitisha zaidi ya mapigo 2B kwa sekunde yakabaki yametengana. Yakitumwa kwa kasi zaidi, mabaki ya pigo moja huingia katika pigo linalofuata, na mpokeaji hawezi tena kuyatofautisha. Laini ya kawaida ya simu hupitisha masafa ya hezi 300 hadi 3400, yaani upana wa hezi 3100. Kwa hiyo hubeba mapigo yasiyozidi 6200 kwa sekunde.

Pigo lenye viwango viwili tu vya volti hubeba biti moja. Vikiwa vinne, pigo hubeba biti mbili; vikiwa nane, biti tatu. Viwango vikiwa M, kasi ya juu kabisa ni:

```
C = 2B log2 M
```

Fomula hii haiwekei M mpaka wowote, kwa sababu inachukulia kwamba njia haina kelele. Katika waya halisi, elektroni hutikisika kwa sababu ya joto, na mtikisiko huo huzaa volti ndogo zisizotabirika. Tuseme viwango ni volti 0, 1, 2 na 3. Ikitumwa volti 1, kisha kelele ikaongeza volti 0.6, mpokeaji ataona 1.6 na kuisoma kama 2. Viwango vikisogezwa karibu zaidi ili pigo libebe biti nyingi, hata kelele ndogo itatosha kuleta kosa hilo.

Shannon alipima kikomo kwa uwiano wa nguvu ya ishara, S, na nguvu ya kelele, N:

```
C = B log2(1 + S/N)
```

Chukua laini ile ile ya hezi 3100, yenye uwiano wa desibeli 30. Hatua ya kwanza ni kugeuza desibeli kuwa uwiano wa kawaida: 30 ikigawanywa kwa 10 ni 3, na 10 ikipandishwa kwa kipeo cha 3 ni 1000. Hatua ya pili ni kutafuta logi ya 1001 kwa kizio cha 2, ambayo ni takriban 9.97. Hatua ya tatu ni kuzidisha kwa 3100. Jibu ni takriban biti 30,900 kwa sekunde.

Kosa la kawaida ni kuweka 30 moja kwa moja mahali pa S/N. Jibu huwa takriban 15,400, nusu ya kasi halisi. Fomula ya Nyquist husaidia kuhakiki: mapigo 6200 yenye viwango 16 hutoa biti 24,800 kwa sekunde, chini ya kikomo, yenye viwango 32 hutoa 31,000, juu yake kidogo. Laini hii basi haiwezi kubeba viwango 32 bila makosa, hata modemu iwe bora kiasi gani.

Shannon alithibitisha kwamba chini ya kikomo, makosa yanaweza kupunguzwa kwa kadiri yoyote itakayotakiwa, mradi data ifungwe katika misimbo mirefu inayofaa. Juu ya kikomo, hakuna msimbo unaoweza kufanya hivyo.

Kuongeza nguvu ya ishara husaidia kidogo tu. Ikiongezwa maradufu, uwiano hufika 2000 na kasi hupanda hadi takriban 34,000, ongezeko la asilimia 10. Upana ukiongezwa maradufu, kelele nayo huongezeka maradufu na uwiano hushuka hadi 500, lakini kasi hufika takriban 55,600.

Ndiyo maana teknolojia ya ADSL iliweza kupitisha mamilioni ya biti kwa sekunde katika waya ule ule wa shaba. Upana wa hezi 3100 uliwekwa na vichujio vya mfumo wa simu, kwa kuwa sauti ya mazungumzo haihitaji zaidi. Shaba yenyewe hupitisha masafa ya juu zaidi. ADSL hutumia masafa hadi takriban hezi milioni 1.1. Hata hivyo, masafa ya juu hufifia haraka zaidi kadiri waya unavyorefuka, hivyo S/N hupungua, na nyumba iliyo mbali na kituo cha simu hupata kasi ndogo kuliko iliyo karibu.