Simu inapojibonyeza Busia, nani alipie kioo?

Malalamiko ya kioo yanayofika kwenye vibanda vya mafundi simu Busia na Malaba ni ya namna mbili. Kuna simu inayojibonyeza: programu zinafunguka zenyewe, tarakimu zinajiandika, namba zinapigwa bila mtu kugusa. Na kuna kioo kilichokufa sehemu: picha ni safi, lakini kidole kikipita pale hakuna kinachoitika. Kwa wakala wa pesa anayeandika namba ya siri kutwa nzima, tarakimu moja isiyobonyezeka inatosha kumfungia kazi.

Jibu la haraka ni "badilisha kioo". Mara nyingine ni kweli, na mara nyingine ni pesa inayomwagwa, kwa sababu dalili hizo zina vyanzo vinavyokaa sehemu tofauti za simu, na kila chanzo kina mtu wake wa kulipa. Kosa likiwa la kiwandani, mzigo ni wa muuzaji. Likitokana na kioo cha kopi kilichofungwa jana, ni la fundi na aliyemuuzia. Likiwa chaja ya bei ya chini, mwenye simu anahitaji chaja tu.

Mpakani hapa swali hilo ni zito zaidi. Vioo vinatoka China, vinapita Nairobi katika maduka ya barabara ya Luthuli au Kampala katika majengo kama Mutaasa Kafeero, ndipo vinafika Busia. Simu inaweza kununuliwa upande wa Kenya, kubadilishwa kioo upande wa Uganda, na kuanza kujibonyeza Mwello, ndani ya wilaya ya Tororo. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka kizinduliwe Busia Februari 2018, kuvuka kumekuwa kwepesi. Dhamana ya simu haivuki kwa wepesi huo. Kwa kawaida hutolewa kwa nchi ambayo simu iliuzwa, na anayehitaji kuidai hana budi kurudi alikonunua.

Ili kujua nani alipe, inabidi kuelewa kioo kinavyohisi kidole. Chini ya kioo cha juu kuna mistari myembamba ya kupitisha umeme isiyoonekana kwa macho, mingine ikienda wima na mingine mlalo, ikikatana kama wavu. Nafasi kati ya mstari na mstari ni kama milimita 5. Kidole kikikaribia makutano fulani, chaji ya umeme ya pale inabadilika kidogo sana, na chipu ya kioo inasoma badiliko hilo na kukadiria kidole kiko wapi. Kioo hakipimi nguvu ya kubonyeza. Kinapima umeme mdogo mno, na chochote kinachouvuruga huonekana kwake kama kidole.

Mvurugaji wa kwanza ni chaja. Chaja nzuri ina kapasita maalumu inayozuia kelele za umeme zisifike kwenye simu, na katika chaja nyingi za bei ya chini kapasita hiyo haipo au ni dhaifu. Kelele ikipita, simu nzima inapandishwa na kushushwa kiumeme wakati mtu aliyeishika amesimama ardhini, na tofauti hiyo inaingia kioni kupitia kidole chake mwenyewe. Kwa hiyo simu yenye tatizo hili huwa tulivu ikilala mezani kwenye chaja. Inaanza vurugu mtu anapoigusa, na miguso ya uongo hupenda kujipanga kwenye mstari uleule wa kidole, juu yake na chini yake. Vibadilishaji umeme vya sola vya bei rahisi, ambavyo vijiji vingi visivyo na gridi huvitegemea, huleta kelele ya aina hiyohiyo. Chomoa chaja. Ikitulia papo hapo, kioo hakina hatia.

Mvurugaji wa pili ni mgandamizo. Betri iliyovimba inasukuma kioo kutoka nyuma, au fremu iliyopinda kwa kukaliwa mfukoni inakibana kwenye kona. Hapo miguso ya uongo hujirudia mahali pamoja, mara nyingi pana na pasipo mpaka ulionyooka, na huzidi simu ikipata joto. Iweke simu juu ya meza iliyo sawa: ikiyumba, au mfuniko wa nyuma ukiwa umeanza kuachia pembeni, shughulikia betri kwanza. Anayebadilisha kioo na kuiacha betri hiyo atarudi kwa fundi na kioo kipya chenye ugonjwa uleule. Betri iliyovimba pia haifai kuendelea kuchajiwa kwa sababu nyingine kabisa: inaweza kushika moto.

Chanzo cha tatu kiko kioni kwenyewe, na hiki ndicho kinachohalalisha kubadilisha au kurudisha. Mstari mmoja wa wavu ukikatika, au utepe unaounganisha kioo na simu ukiachia, panakufa ukanda ulionyooka unaokwenda kutoka ukingo hadi ukingo, au kutoka palipopasuka hadi mwisho wa mstari. Utepe huo umebandikwa kwa gundi yenye chembe za kupitisha umeme, iliyokandamizwa kwa joto kiwandani. Kazi ikifanywa kwa haraka, gundi huachia baada ya wiki kadhaa za joto la mfukoni. Vioo vingi vya kopi vina pia upungufu usioonekana dukani: karatasi ya shaba ya kukituliza kiumeme haipo, au chipu yake si ile ambayo programu ya simu iliandikiwa.

Kuutofautisha ukanda huo na kasoro ya programu hakuhitaji mashine. Kwenye simu za Android, ingia Settings, kisha About phone, bonyeza Build number mara 7, halafu ufungue Developer options na uwashe Pointer location. Sasa kila kidole kinachora mstari, na pembeni juu panaandikwa herufi P na idadi ya vidole vinavyosomwa. Vua protekta nene na upanguse kioo mpaka kikauke, kwa maana maji nayo husomeka kama kidole. Simu ikiwa haiguswi, P inapaswa kusoma 0 kwanza. Ikisoma 1 au 2 bila mtu kugusa na bila chaja, kuna miguso ya uongo. Kisha buruta kidole polepole kufuata upana wa kioo, mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini. Mstari unapokatika, weka alama.

Chukua mfano wa wakala wa Mwello mwenye simu ya wiki tatu aliyoinunua mpya Busia ya Kenya. Tarakimu za chini hazibonyezeki. Kwenye jaribio, mstari unakatika kwenye ukanda wa upana wa kidole, unaovuka kioo chote karibu na chini. Anaigeuza simu ilale kwa upande: picha imegeuka, lakini ukanda umebaki palepale kimwili. Kasoro ya programu mara nyingi ingegeuka pamoja na picha. Kioo hakina ufa, nyuma hapajavimba, chaja imechomolewa. Anapobonyeza taratibu sehemu ya chini ya fremu, ukanda unaitika kwa muda, kisha unakufa tena. Kilichoachia ni muunganisho wa utepe. Kwa simu ya wiki tatu hiyo ni hoja ya kurudisha, na kosa kubwa ambalo wakala huyu angeweza kulifanya ni kumpa fundi wa mtaani aifungue. Simu iliyofunguliwa humpa muuzaji sababu ya kukataa.

Kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi" kimewakatisha tamaa wateja wengi bila haki. Nchini Kenya, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hiyo iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inaongeza kwamba sharti lolote linalojaribu kuifuta dhamana hiyo kwa mteja wa kawaida ni batili. Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, na madai madogo yasiyozidi shilingi milioni 10 za Uganda yana utaratibu wake mwepesi mahakamani. Mteja naye ana wajibu: sheria ya Kenya haimlindi aliyeikagua bidhaa dhidi ya kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Ukanda uliokufa tangu dukani ungeonekana kwa dakika mbili za kuburuta kidole. Muunganisho unaoachia baada ya wiki tatu haungeonekana, na hapo ndipo dai lina nguvu. Rekodi video ya jaribio, na uhakikishe risiti ina namba ya IMEI inayotokea ukipiga *#06#. Risiti isiyo na namba hiyo ni rahisi kukanushwa.

Simu ya zamani ina hesabu nyingine. Siku hizi simu nyingi za bei ya chini zina chipu moja inayoendesha picha na mguso pamoja, kwa hiyo ukanda ukifa hubadilishwi kioo cha juu peke yake bali kioo kizima. Tuseme ulinunua simu kwa shilingi 10,000 za Kenya, baada ya miaka miwili ingeuzika kwa 4,000, na kioo pamoja na ufundi ni 2,800. Mimi nisingeilipia. Hiyo ni zaidi ya nusu ya thamani iliyobaki, na inawekwa kwenye simu ambayo betri yake imezeeka miaka ileile. Afadhali kuokoa picha na namba kwa kipanya cha kompyuta kilichochomekwa kwa kiunganishi, ambacho simu nyingi hukikubali hata kioo kikiwa kimekufa chote, kisha laini ihamie simu nyingine. Fundi akiifungua na kukuta kiunganishi cha utepe kimeingia vumbi au kutu, kukisafisha kwa spiriti na kukirudisha ni kazi ya bei ndogo, na inastahili kujaribiwa kabla ya kioo kipya.

Ukiamua kubadilisha, baki pale fundi anapofanya kazi. Kwa wauzaji wengi wa jumla dhamana ya kioo ni ya kupima tu: kikishang'olewa karatasi ya kinga na kupakwa gundi, hakirudi. Kwa hiyo kioo kiunganishwe kikiwa hakijabandikwa, Pointer location iwashwe, kidole kiburutwe pote, kisha kioo kipimwe tena simu ikiwa kwenye chaja unayoitumia nyumbani, ambayo ni vyema uje nayo. Kioo cha kopi kinachopita jaribio la kwanza mara nyingi huanguka kwenye hili la pili, na wakati huo bado ni mali ya aliyemuuzia fundi.