Magonjwa matatu, mwili moja: namna gani kupanga matunzo ya wazee wetu

Tuchukue mfano wa mama muzee wa miaka 72, anakaa Kadutu, mu Bukavu, kule juu kwenyi mulima. Huyu mama ni mfano tu, lakini wengi wenu mutamutambua, juu anafanana na mama zenu. Yuko na tansio tangu miaka kumi. Yuko na ugonjwa wa sukari tangu miaka sita. Na magoti inamuuma kila asubuhi.

Juu ya tansio, sentre ya afya inamupa enalaprili na hidroklorotiazidi, ile dawa yenye kutosha maji mwilini kwa mukojo. Juu ya sukari, anashuka siku ingine mupaka ku hospitali, muganga mwingine anamwandikia glibenklamidi. Juu ya magoti, mutoto wake anamununulia diklofenaki ku farmasi ya barabarani, bila karatasi ya muganga. Kila mutu hapa alitaka kumusaidia. Lakini hakuna hata mumoja anayejua dawa yote yenye huyu mama anameza.

Sasa angalia kinachofuata. Diklofenaki inafanya chumvi na maji vibaki mwilini, kwa hiyo tansio inapanda. Ku sentre wanaona namba imepanda, wanamuongezea dawa ya tansio. Tena, diklofenaki pamoja na enalaprili na dawa ya kutosha maji ni muchanganyiko mubaya kwa figo, zaidi kama mutu anaharisha ao hakunywa maji ya kutosha. Figo zikichoka, glibenklamidi inakawia kutoka mwilini. Usiku mmoja, mama amekula kidogo tu, sukari inashuka chini ya 70. Anaamuka kwenda choo, kichwa kinazunguka, anaanguka, anavunjika mufupa wa nyonga. Jamaa wanasema: "Ni uzee." Kumbe haikuwa uzee peke yake. Ni matunzo yenye ilipangwa kwa kufuata magonjwa, pahali pa kufuata mutu.

Vitu viwili vyenye havifanani

Kuwa na magonjwa mawili ao zaidi ya kudumu kwa wakati moja, hiyo ni kitu kimoja. Udhaifu wa uzeeni ni kitu kingine. Udhaifu ni pale mwili unabaki bila akiba. Ni sawa nyumba yenye haina hata unga wa kesho: shida ndogo, kama malaria ya siku tatu, inaangusha kila kitu, na mutu hasimame tena kama mbele. Kuna mama wa miaka 72 mwenye tansio na sukari anayeuza soko kila siku. Kuna mwenzake, miaka ni ile ile, magonjwa ni yale yale, hawezi kuinuka ku kiti bila kusaidiwa. Fishi zao zinafanana, lakini hawawezi kutunzwa sawasawa.

Mu mwaka 2001, muganga Linda Fried na wenzake kule Marekani waliandika alama tano za udhaifu: kukonda bila kutaka, kuchoka kila mara, mukono kukosa nguvu ya kushika, kutembea polepole, na kupunguza sana kazi ya mwili. Mwenye tatu ao zaidi amekuwa muzaifu. Mwenye moja ao mbili yuko njiani. Shirika la Afya la Dunia (OMS) linatumia pia jaribio lenye haliombe mashini: muzee anakaa ku kiti, anakunja mikono ku kifua, anasimama na kukaa mara tano. Akipita sekunde 14, inafaa apimwe vizuri zaidi.

Lakini lazima kuangalia. Mutu akikonda, tusikimbilie kusema ni uzee. Inaweza kuwa kifua kikuu, sukari yenye imepanda, ao njaa tu ndani ya nyumba. Alama inatuambia mutu wa kuangalia, haituambie sababu.

Hesabu ya sentre

Raporti za sentre kila mwezi zinahesabu magonjwa: wa tansio wangapi, wa sukari wangapi. Mama wetu anaingia ku mistari miwili, na magoti yake haiingie popote. Kwa hiyo mwenye kupanga kazi anaona visa, lakini haone mutu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme sentre moja iko na wazee 100, kila mumoja na magonjwa matatu, na kila ugonjwa una siku yake kila mwezi. Hiyo ni safari 300 kwa mwezi. Muuguzi anazidiwa, na muzee anashuka mulima mara tatu, ao analipa pikipiki mara tatu. Wengi wanaacha siku moja kati ya zile tatu, na dawa inakatika.

Sasa tupange kwa mutu. Fishi moja, siku moja, magonjwa yote pamoja. Tuseme 80 kati yao wako imara, tansio na sukari zimetulia: wanapewa dawa ya miezi miwili, ni kusema safari 40 kwa mwezi. Wale 20 wazaifu wanaonwa kila mwezi: 20. Jumla ni 60, pahali pa 300. Muuguzi anaweza kukaa na kila mutu wakati wa kutosha, na akienda ku nyumba za wale wasioweza kushuka, kazi haimushinde.

Hesabu hii ina sharti moja: dawa ya miezi miwili lazima iwe ndani ya stoki. Kama stoki inakatika kila wiki tatu, mupango wote unaanguka. Kwa hiyo zone ya afya inapaswa kuomba dawa kwa kufuata hesabu ya watu, na kabla stoki haijaisha.

Siku ile moja inafanyika nini?

Kwanza, muzee analeta dawa zote zenye anameza, hata za farmasi ya barabarani na za miti, ndani ya mufuko moja. Muuguzi anaziweka ku meza. Kwa mama wetu, ya kwanza kusimama ni diklofenaki. Parasetamoli inachukua nafasi yake. Ya pili ni glibenklamidi: liste ya OMS ya dawa za lazima inasema haifae kwa wenye kupita miaka 60, na glikalazidi ndiyo inapendelewa. Muganga ndiye anabadilisha dawa, reko hapana.

Kisha anapimwa tansio akiwa amekaa, na tena kiisha kusimama dakika moja, na dakika tatu. Kama namba ya juu inashuka pointi mbili, tuseme kutoka 15 mupaka 13, dawa ya tansio inaweza kuwa imezidi, na hiyo inaweza kumuangusha. Kwa muzaifu, sukari yenye imepanda kidogo ni afazali kuliko yenye inashuka usiku.

Reko naye anafanya kazi ya nyumbani: anauliza kama muzee alianguka, kama anakula, nani anamupikia, kama njia ya choo ina mwangaza. Akisikia alianguka, anapeleka habari ku sentre siku ile ile, hangojee mwisho wa mwezi.

Na huku kwetu kuna jambo la kuongeza: watu wanakimbia vita, na fishi inabaki nyumbani. Mutoto apige picha ya fishi kwa simu yake, na muzee abaki na nakala yake. Muuguzi wa kule wanapofikia hatakuwa wa kubahatisha.